Senti tatu zilizotaka kumwaga damu ya ndugu kule Bariadi

Nimerudi chuoni salama, vumbi la Bariadi bado liko kwenye soli za viatu, na bumu kama kawaida yake linasubiriwa kama mvua ya Novemba. Leo sina habari za mapenzi wala za chakula cha kantini. Nina hoja moja nataka kuitoa kifuani, maana likizo hii imenigusa na imegusa jina la mtu ninayemheshimu.

Hoja yenyewe ni hii: mtu anayetengeneza jedwali la hela kwenye kompyuta halafu akawapa watu walisaini, hana haki ya kuwaonyesha namba moja huku kompyuta inajumlisha namba nyingine. Akifanya hivyo, hata kama tofauti ni senti tatu, kosa ni lake. Si la kompyuta, na si la yule mama mwenye kikokotoo. Nasema hivi nikijua fika kwamba aliyetengeneza jedwali lile nilikuwa mimi.

Basi bwana, ilikuwa hivi. Mama yangu mdogo ni mweka hazina wa kikundi cha hisa mtaani kwetu. Ni akina mama kumi, sanduku lina makufuli matatu, kila wiki wananunua hisa kwa sh 2,000 kila moja, wanakopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Mwaka huu walifikisha hisa 600 na faida iliyotokana na mikopo ilikuwa sh 418,000. Hela ya hisa zenyewe haina shida, kila mtu anarudishiwa elfu mbili mbili zake. Kazi iko kwenye faida, kwa sababu lazima igawanywe kulingana na hisa.

Mama mdogo akaniita. "Wewe si unasomea ualimu, tena wa hesabu? Hebu tutengenezee kwenye hiyo laptopu yako, tuchoke kuandika kwenye madaftari." Nikasema hilo tu? Nikakaa, nikafungua Excel, nikagawanya 418,000 kwa 600 nikapata faida ya kila hisa, nikazidisha kwa hisa za kila mmoja, nikaweka jumla chini. Nikapendezesha kila kitu kionekane na nafasi mbili za desimali, kwa sababu hela si huwa ina shilingi na senti? Dakika kumi kazi imekwisha. Nikaenda kuchapa mjini, nikarudi na karatasi inang'aa.

Hii hapa ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi, majina nimeyatoa nimebakiza hisa na gawio:

Hisa 40: 27,866.67
Hisa 45: 31,350.00
Hisa 49: 34,136.67
Hisa 55: 38,316.67
Hisa 58: 40,406.67
Hisa 61: 42,496.67
Hisa 67: 46,676.67
Hisa 70: 48,766.67
Hisa 73: 50,856.67
Hisa 82: 57,126.67
Jumla: 418,000.00

Mnaona tatizo? Mimi sikuliona. Siku ya kugawana, kwenye kikao kuna mama mmoja mwalimu mstaafu. Huyu mama ni wale walimu wa zamani, hasaini kitu bila kukihakiki. Akatoa kikokotoo chake kwenye mkoba, akaanza kubofya taratibu mstari kwa mstari. Kimya. Akamaliza, akarudia tena. Halafu akasema kwa upole kabisa:

"Mweka hazina, hii jumla siyo."

"Siyo kivipi mwalimu?"

"Imeandikwa laki nne na kumi na nane elfu kamili. Mimi napata na senti tatu juu."

Wengine wakacheka, senti tatu jamani! Lakini kuna mama mwingine hakucheka. Akasema kama jumla ya chini si jumla ya vya juu, basi hii karatasi haijajumlishwa, imeandikwa tu. Na kama jumla imeandikwa tu, nani anajua vingine vimeandikwaje? Hapo hewa ikabadilika. Mama mdogo ambaye amekaa na hilo sanduku mizunguko minne bila hata sarafu kupotea, nikamuona anashika kitambaa chake kwa mikono miwili. Kikao kikaahirishwa hadi Jumapili. Hela zikarudi sandukuni, makufuli matatu yakafungwa, na njiani kurudi nyumbani mama mdogo hakuniongelesha.

Sasa twende kwenye hesabu, na nyie chukueni vikokotoo vyenu mhakikishe.

418,000 ukigawanya kwa 600 unapata 696.6666... sita haziishi. Mimi nilipoiambia Excel ionyeshe nafasi mbili za desimali, haikuzikata zile sita. Ilizificha tu. Kwenye kioo unaona 696.67, lakini ndani ya kisanduku bado kuna 696.666666 na kuendelea, hadi tarakimu kama kumi na tano. Mambo ni yale yale kwenye kila mstari. Mama mwenye hisa 40 anaonekana na 27,866.67, ila kilichomo ndani ni 27,866.6666... Tofauti ni theluthi moja ya senti, huwezi kuiona wala kuigusa.

Jumla ya chini, ile SUM, haisomi kinachoonekana. Inasoma kilichomo ndani. Kwa hiyo kompyuta ilijumlisha theluthi mbili tisa, ikapata shilingi sita kamili, na jumla ikawa 418,000 bila senti. Mwalimu mstaafu yeye alijumlisha kilichoandikwa: 0.67 mara tisa ni 6.03. Senti tatu zake hizo hapo. Kompyuta ilikuwa sahihi na mwalimu alikuwa sahihi. Kila mmoja alikuwa anajumlisha orodha yake, na orodha mbili hazifanani. Aliyewapa watu orodha mbili huku akidai ni moja ni mimi.

Mtauliza mbona majedwali mengine hayaleti shida? Mara nyingi mistari mingine inapandishwa na mingine inashushwa, zinafutana. Sisi bahati mbaya mistari tisa kati ya kumi iliishia na theluthi mbili, yote ikapandishwa upande mmoja. Mstari wa hisa 45 peke yake ndio ulitoka kamili.

Niliporudi chuoni nikawasimulia washkaji, na hapa ndipo ninapotaka tubishane kidogo, maana nilipewa ushauri wa aina tatu na yote naikataa.

Wa kwanza alisema potezea, senti zenyewe hazipo. Kweli, sarafu za senti zilizotoka mwaka 1966, zile za 5, 20 na 50, leo ni za kuwaonyesha watoto. Lakini mtu huyu hajaelewa kilichouma pale kikaoni. Hakuna aliyekuwa analilia senti tatu. Kinachotiliwa shaka ni karatasi nzima. Halafu tofauti hii haibaki kuwa senti, inategemea unaficha nini. Tuseme ningeamua kuficha senti zote, nionyeshe shilingi tupu. Mistari tisa ingepanda hadi shilingi inayofuata, na mwalimu angepata 418,003. Tayari ni shilingi tatu. Sasa tuseme mwanachama anachukua faida ya hisa moja inayoonekana pale juu, 697, anaizidisha kwa hisa 600 ahakiki. Anapata 418,200. Shilingi mia mbili nzima imetoka hewani! Kitu kilichofichwa kwenye bei ya kimoja kinazidishwa na idadi ya vyote. Wanaotoka nyumba za wakulima wa pamba wanaelewa, kosa dogo kwenye bei ya kilo moja ni kosa kubwa kwenye gari zima.

Na kama mnadhani ni mambo ya vijijini kwetu, someni uchaguzi wa jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani, tarehe 5 Aprili 1992. Sheria ilitaka chama kipate angalau asilimia 5 kuingia bungeni. Karatasi za kompyuta zilionyesha chama cha Kijani kina 5.0. Ukweli kilikuwa na 4.97, ila programu ilikuwa inachapa desimali moja tu. Walipogundua, Wajani wakatolewa, viti vikahesabiwa upya na chama cha SPD kikapata wingi wa bunge kwa kiti kimoja. Desimali moja iliyofichwa iliwapa watu viti ambavyo hawakuvipata. Potezea?

Wa pili alinipa ujanja: bofya mstari mmoja, andika mwenyewe namba iliyopunguzwa senti tatu, jumla itakubaliana. Jamani, huo ndio wizi wenyewe, hata kama ni wa senti. Unamchagua nani apunguzwe? Na ukishaandika namba kwa mkono juu ya fomula, mwakani mtu akibadilisha hisa, mstari ule hautabadilika, na hapo kosa halitakuwa la senti tena.

Wa tatu ni mtaalamu, anasoma kompyuta. Akaniambia nenda File, Options, Advanced, weka alama kwenye "Set precision as displayed". Kweli hiyo inailazimisha Excel itumie namba zinazoonekana. Nilijaribu mbele yake. Ile faida ya hisa moja ikawa 696.67 ya kweli, ikazidishwa kwenye mistari yote, na jumla ikawa 418,002.00. Karatasi sasa inajumuika vizuri kabisa, ila inagawa shilingi mbili ambazo hazimo sandukuni! Isitoshe, inagusa faili zima, na namba ulizoziingiza kwa mkono zinakatwa moja kwa moja, ukiondoa ile alama hazirudi. Excel yenyewe inakuonya kabla hujakubali.

Basi dawa ni nini? Nilikaa nayo Ijumaa na Jumamosi, nikagundua kwamba swali langu la mwanzo lilikuwa bovu. Nilikuwa najiuliza nifanyeje jumla ikubaliane. Nilipaswa kujiuliza hawa akina mama watalipana nini mkononi. Mkononi hakuna 27,866.67. Sarafu ndogo inayozunguka kwetu ni ya shilingi 50. Kwa hiyo gawio la kweli ni lile linaloweza kulipwa kwa sarafu ya 50, na hilo ndilo linalopaswa kuwa ndani ya kisanduku, siyo kwenye sura yake tu.

Hela yote nikaiweka kisanduku E1, hisa zote E2, hisa za kila mmoja kuanzia B2, na kwenye C2 nikaandika hivi:

```
=FLOOR(B2*$E$1/$E$2,50)
```

FLOOR inashusha hadi 50 iliyo chini. Kwa nini kushusha na siyo kukadiria kwa iliyo karibu? Kwa sababu ukikadiria kwa karibu, siku wengi wakipandishwa utajikuta karatasi inadai zaidi ya kilichomo sandukuni, na mweka hazina ndiye atakayeulizwa. Ukishusha, sanduku haliwezi kupungukiwa. Kinaweza kubaki kitu, na kinachobaki kinaonekana.

Angalieni pia nimezidisha kwanza nikagawanya mwisho. Hilo lilinitesa usiku mzima. Ukigawanya kwanza, ile 696.666... kompyuta haiwezi kuihifadhi yote, inakata mwishoni. Mtu anastahili gawio kamili, lakini kwa njia ile hesabu inaweza kutoka imepungua chembe ndogo sana. Machoni ni ile ile, ila FLOOR haina huruma, inaweza kumshusha hadi 50 iliyo chini. Shilingi hamsini za mtu zimekwenda kwa sababu ya vumbi la desimali! Ukizidisha kwanza, 45 mara 418,000 ni namba nzima, unaigawanya kwa 600 inatoka kamili, hakuna vumbi.

Matokeo yakawa: 27,850, 31,350, 34,100, 38,300, 40,400, 42,450, 46,650, 48,750, 50,850 na 57,100. Jumlisheni, ni 417,800. Na chini yake nikaweka mstari ambao karatasi ya kwanza haikuwa nao: "Baki, sh 200". Jumla kuu 418,000. Hakuna desimali popote, kila namba iliyoandikwa ndiyo iliyomo ndani.

Kabla sijamaliza, kuna swali aliloniuliza mwalimu mstaafu mwenyewe, na ni swali zuri kuliko yote. Nilimfuata nyumbani kwake Jumamosi jioni. Shikamoo, marahaba, karibu ukae. Nikamueleza mambo ya desimali, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nimekuelewa mwanangu. Lakini siku mtu akiiba kweli, si atasema pia ni desimali? Nitajuaje?"

Jibu nililompa ni hili, na nawaomba mlikariri maana nyote mtakuja kuwa waweka hazina wa kitu fulani, hata kama ni cha michango ya harusi. Ukionyesha senti mbili, kila mstari unaweza kuficha nusu senti tu, haiwezekani zaidi. Mistari kumi inaficha senti tano kwa juu kabisa. Tofauti yetu ilikuwa senti tatu, imo ndani. Ingekuwa shilingi arobaini, hiyo si desimali, tafuteni sababu nyingine: mstari uliofichwa lakini SUM bado inauhesabu, au namba iliyoandikwa kama maneno ambayo SUM inairuka, au mtu. Na kama mna kompyuta, unaweza kuiuliza yenyewe jumla ya kinachoonekana:

```
=SUMPRODUCT(ROUND(C2:C11,2))
```

Kwenye jedwali langu la kwanza hii inatoa 418,000.03, senti kwa senti kama kikokotoo cha mwalimu. Ikilingana na kikokotoo, tofauti yote ni ya kuficha desimali. Isipolingana, kuna kingine.

Ila nikamwambia na upande wa pili, kwa sababu nilijua angeniuliza: tofauti ikiwa ndogo haimaanishi karatasi ni safi. Mtu anaweza kumuongezea mmoja elfu tano na kumpunguzia mwingine elfu tano, jumla ikatoka kamili kabisa. Kujumlisha kunakagua jumla tu. Mistari inakaguliwa na wenye mistari, kila mama na daftari lake la hisa. Akatikisa kichwa, akasema, "Hapo sasa umeongea kama mwalimu." Wadau, hiyo sifa sijawahi kuipata hata kwenye mafunzo kwa vitendo.

Jumapili kikao kilikaa. Mwalimu akatoa kikokotoo, akabofya mistari yote kumi, akaongeza mia mbili ya baki, akasema "Imefika," akasaini wa kwanza. Ile mia mbili wakaiingiza mfuko wa jamii. Yule mama aliyesema karatasi imeandikwa tu alimwambia mama mdogo pole, mbele ya wote. Mimi nikasimama nikasema kosa lilikuwa langu, siyo la mweka hazina, nikakaa. Mama mdogo jioni hiyo alinipikia ugali na sato, nikajua tumeshapatana.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huo. Karatasi ya kusainiwa isiwe na tarakimu iliyofichwa. Kadirieni ndani ya kila mstari kwa kiasi kinachoweza kulipwa, na baki iandikwe wazi kwenye mstari wake. Kama ni ripoti kubwa ambayo lazima mkadirie kwa macho tu, basi andikeni chini yake kwamba jumla inaweza kutofautiana kidogo na mistari kwa sababu ya kukadiria, na muandike kabla ya kuulizwa. Maana ukishaulizwa, hata maelezo ya kweli yanasikika kama utetezi.

Naomba kuwasilisha. Kama kuna mdau ana njia bora ya kugawa ile baki bila kuiweka mfuko wa jamii, aje tubishane, niko chumbani hadi bumu litoke.